Muhtasari wa uzazi: mama wa kadi na. 0417/24, mimba ya wiki 33 na siku 2

Kwa: Daktari wa zamu, wodi ya wazazi, hospitali ya rufaa
Kutoka: Mkunga msimamizi, kliniki ya wajawazito
Tarehe: Jumanne, 12 Novemba 2024

Daktari, mama huyu anakuja kwenu na kadi yenye ziara saba, maandishi ya wakunga wanne na karatasi mbili za altrasaundi zilizobanwa nyuma. Tafadhali soma ukurasa huu kabla ya kadi. Kuna mambo matatu ambayo kadi imeyaandika vinginevyo: idadi ya uzazi, umri wa mimba na mahali kondo lilipo. Nimeyahakiki na mama mwenyewe leo, pamoja na karatasi zake za zamani.

KWA UFUPI
Miaka 36. G5 P3+1, watoto hai 2. Mimba moja, wiki 33 na siku 2 kwa altrasaundi ya mapema. Tarehe ya matarajio 29 Desemba 2024. Kovu 1 la upasuaji (2020). Aliwahi kupata kifafa cha mimba na kujifungua mtoto mfu (2017). Presha inapanda polepole, bado haijafika 140/90. Upungufu wa damu unaotibiwa. Kundi la damu B chanya. Mtoto ametanguliza kichwa. Anataka kujaribu kuzaa kwa njia ya kawaida, na kwa hali ilivyo leo anafaa.

MIMBA ZILIZOTANGULIA
Jalada la kadi linasema G5 P2+2. Si sahihi. Nilipomuuliza kuhusu mimba "iliyoharibika" mwaka 2017 alinijibu: "Nesi, yule nilimzaa. Nilimwona, alikuwa na nywele kichwani." Karatasi ya kuruhusiwa hospitalini anayo bado, na inataja wiki 34. Huo ni uzazi, hauwezi kuhesabiwa kama mimba iliyotoka. Ndipo namba inakuwa P3+1, na ndipo historia ya hatari inapojitokeza, kwa sababu neno "imeharibika" lilikuwa limeificha.

2014: mimba ilitimia, uchungu ulianza wenyewe, njia ya kawaida, msichana, gramu 3100. Hai, mzima.

2017: wiki 34. Kichwa kiliuma siku mbili, akaona vimulimuli, akapata degedege nyumbani mara moja. Presha alipofikishwa hospitali ilikuwa 170/110, protini +++. Mapigo ya moyo ya mtoto hayakusikika. Alianzishiwa uchungu, akajifungua kwa njia ya kawaida mtoto mfu wa kiume, gramu 1900. Presha ilirudi kawaida ndani ya wiki sita, na hakuendelea na dawa.

2020, Septemba: wiki 39, upasuaji wa dharura. Chupa ilipasuka, kamba ya kitovu ikatangulia. Mvulana, gramu 3400, hai. Ripoti ya upasuaji ipo: mkato wa kulala sehemu ya chini ya mfuko wa uzazi, haukuongezeka, damu iliyopotea kama mililita 600. Kidonda kilipona bila usaha. Presha katika mimba hiyo haikupanda.

2022: ilitoka yenyewe wiki ya 9, akasafishwa kwa pampu ya mkono. Hakuna tatizo lililofuata.

UMRI WA MIMBA
Kadi: hedhi ya mwisho 12 Machi 2024, matarajio 19 Desemba, leo wiki 35. Pembeni mtu ameandika "ana hakika". Hana hakika. Sindano yake ya mwisho ya uzazi wa mpango ilikuwa Novemba 2023, hedhi ilikuwa haijakaa sawa, na damu ya Machi anayoikumbuka ilikuwa matone ya siku mbili.

Altrasaundi ya 4 Juni ilipima urefu wa mtoto kichwa hadi makalio milimita 34, sawa na wiki 10 na siku 2, wakati hesabu ya hedhi ilitoa wiki 12 kamili. Tofauti ni siku 12. Kwa kipimo cha umri huo, tofauti inayozidi siku 7 inatosha kuachana na hedhi. Nimefuata altrasaundi na sitabadilisha tena tarehe kwa kipimo cha baadaye.

Marekebisho haya yana uzito kwenye maamuzi yenu. Kwa kadi ameshapita wiki 34. Kwa kweli atazifikisha 17 Novemba, hivyo ikilazimu kumzalisha kabla ya hapo anastahili deksamethasoni ya kukomaza mapafu ya mtoto. Vilevile kadi inaihesabu 26 Novemba kuwa wiki 37. Mtoto siku hiyo atakuwa na wiki 35 na siku 2.

Maandishi mekundu ya "mtoto mdogo?" kwenye ziara ya leo yametokana na kosa hilohilo: kimo cha mfuko wa uzazi ni sentimita 32, na mkunga alikilinganisha na wiki 35. Kwa wiki 33 hakuna upungufu. Vimo vya awali vilikuwa 23 wiki ya 23, 27 wiki ya 27, na 30 wiki ya 31. Uzito wa mtoto kwa altrasaundi ya 29 Oktoba ulikadiriwa gramu 1680, maji ya uzazi ya kutosha.

MIMBA HII
Ziara saba: 4 Juni, 2 Julai, 6 Agosti, 3 Septemba, 1 Oktoba, 29 Oktoba, 12 Novemba.

Presha kwa mfuatano huo: 118/74, 116/70, 120/76, 122/78, 126/80, 132/84, 138/88. Leo nimerudia baada ya dakika 15 akiwa ameketi, mkanda saizi yake: 136/86. Kila ziara imeandikiwa "kawaida", na ukiisoma peke yake hukosi kukubali. Zikipangwa mstari mmoja ni ngazi.

Mkojo: protini haikuonekana hadi 29 Oktoba, leo ipo chembe tu.

Uzito (kilo): 68, 68.5, 70, 72, 74, 76, 78.5. Kilo 2.5 ndani ya wiki mbili. Miguu imevimba hadi juu kidogo ya kifundo, uso na vidole havijavimba, pete inatoka. Urefu sentimita 158.

Kichwa hakimuumi, haoni vimulimuli, hana maumivu chini ya mbavu za kulia. Mtoto anacheza vizuri, mapigo 144.

Damu ya leo: chembe sahani 212, kreatinini 58, kipimo cha ini 19, vyote viko sawa. Himoglobini: 10.8 (Juni), 10.1 (Agosti), 9.4 (1 Oktoba), 9.9 (29 Oktoba), 10.0 leo. Hadi Oktoba alikuwa akimeza kidonge cha madini ya chuma pamoja na chai, na kalsiamu saa hiyohiyo. Tumezitenganisha na kuongeza chuma kuwa mara mbili kwa siku, ndipo ikaanza kupanda.

Sukari ya kunywa gramu 75, 1 Oktoba: 4.6 kabla, 6.9 baada ya saa mbili. Hana kisukari cha mimba. VVU hasi Juni, imerudiwa leo, hasi. Kaswende hasi. Homa ya ini B hasi. Chanjo ya pepopunda imekamilika.

Kondo: altrasaundi ya 6 Agosti iliandika "liko chini, mbele, sentimita 1.5 kutoka mlango wa kizazi", na maneno hayo yameandikwa kwa herufi kubwa kwenye jalada. Ya 29 Oktoba, iliyobaki kwenye karatasi ya nyuma, inasema sentimita 4.5, bila dalili za kondo kuingia kwenye kovu. Nimekata maneno ya jalada kwa mstari mmoja na kusaini. Kondo si kizuizi cha njia ya kawaida.

Dawa: aspirini miligramu 75 usiku tangu 2 Julai (wiki 14), kalsiamu gramu 1.5 kwa siku zilizogawanywa mara tatu, chuma na asidi ya foliki. Hana mzio wa dawa. Havuti sigara, hanywi pombe.

HATARI, KWA UZITO NINAOZIPA
Ya kwanza ni presha. Degedege la 2017, mtoto mfu, na sasa ngazi hii. Kwa vipimo vya leo hajafikia kuitwa mwenye shinikizo la damu la mimba, lakini siwezi kumwacha arudi baada ya wiki mbili.

Ya pili ni kovu. Ni moja, mkato wa chini, zaidi ya miaka minne iliyopita, na sababu yake (kamba ya kitovu) si ya kujirudia kama nyonga nyembamba. Amewahi kuzaa mara mbili kwa njia ya kawaida. Nimemweleza kwamba kovu huachia kwa takriban wanawake 5 kati ya 1,000 wanaojaribu, na ndiyo maana hawezi kuzalia kwenye kituo kisicho na chumba cha upasuaji.

Upungufu wa damu unafuata, kwa sababu hana akiba akipoteza damu nyingi. Umri wa miaka 36 nautaja tu.

MPANGO WA KUJIFUNGUA
Mahali: kwenu, penye chumba cha upasuaji na damu saa 24. Ahifadhiwe chupa 2 za B chanya anapolazwa.

Ufuatiliaji: kila Jumanne (19 na 26 Novemba, 3 Desemba), presha na mkojo, damu irudiwe kila wiki hadi tuone mwelekeo. Presha pia atapimwa Ijumaa. Tunaomba mpokee ziara ya 3 Desemba (wiki 36 na siku 2), muamue naye njia ya kujifungua. Aspirini isimame siku hiyo.

Presha ikifika 140/90: alazwe, atathminiwe. Ikithibitika dalili za kifafa cha mimba zisizo kali, azalishwe wiki 37, yaani 8 Desemba. Ikifika 160/110, au kichwa, macho au tumbo la juu vikilalamika: dawa ya presha mara moja, salfeti ya magnesiamu, na akiwa ameshatimiza wiki 34 azalishwe akishatulia.

Presha ikitulia: asubiri uchungu wake mwenyewe. Akianza, aje mapema, mshipa uwekwe, patografu ianze, mapigo ya mtoto yafuatiliwe kwa karibu. Misoprostoli isitumike kumwanzishia uchungu kwa sababu ya kovu. Kuongeza uchungu kwa oksitosini ni uamuzi wa daktari bingwa tu. Maumivu ya kovu yasiyoachia kati ya uchungu na uchungu, damu, au mapigo kushuka: upasuaji.

Akibadili nia na kuchagua upasuaji, usipangwe kabla ya 22 Desemba (wiki 39).

Baada ya mtoto kutoka: oksitosini vipimo 10 msulini. Presha ifuatiliwe siku tatu za mwanzo wodini, kisha siku ya saba hadi kumi kliniki kwetu.

Kufunga kizazi: amelitaja mara moja, mumewe akiwepo, kisha akasema anataka kufikiri. Naomba asiletewe fomu akiwa kwenye uchungu.

Dalili za hatari amezirudia kwangu kwa maneno yake mwenyewe. Atasindikizwa na dada yake, anayeishi naye. Usafiri wa usiku umeshapangwa.

Viambatanisho: kadi, altrasaundi mbili, ripoti ya upasuaji ya 2020, karatasi ya kuruhusiwa ya 2017 (nakala, ya asili mama ameomba abaki nayo).

Mkunga msimamizi
Saa 6:40 mchana