Zamu ya kuitwa ya Jumamosi tarehe 13 Juni: jumbe za kubadilishana

JUMANNE, TAREHE 9 JUNI 2026

Mwanaidi kwa Flora, saa 12:40 jioni

Dada Flora, habari za tangu mchana. Najua umetoka thieta umechoka, sitakuweka sana.

Nina ombi. Jumamosi hii tarehe 13 niko onkoli thieta, saa 1:30 asubuhi mpaka Jumapili saa 1:30 asubuhi. Siku hiyohiyo ndiyo arobaini ya baba mdogo, Pangani. Alifariki usiku wa kuamkia tarehe 5 Mei, kwa hiyo ukihesabu inaangukia Jumamosi kabisa. Nilidhani wataisogeza Jumapili ili wana wa shangazi wa Dar wawahi, lakini leo wazee wamekata shauri ni Jumamosi baada ya adhuhuri, na mimi ndiye niliyepewa jiko. Ijumaa jioni natakiwa niwe kule.

Naomba unishikie hiyo Jumamosi. Nimeangalia rosta ukutani, wewe una Jumapili tarehe 21, na nakumbuka ulisema ndiyo kipaimara cha Junia. Basi nichukue hiyo ya tarehe 21 yote, saa 24 kwa saa 24, wikiendi kwa wikiendi, wala hakuna atakayemdai mwenzake.

Kama haiwezekani niambie tu bila kuona haya, nijue mapema.

Flora kwa Mwanaidi, saa 1:55 usiku

Pole tena mdogo wangu. Mwenyezi Mungu amrehemu mzee.

Hiyo ya tarehe 21 umeniokoa. Nilikuwa nawaza nitamwambia nini askofu, kwamba mzazi amekwenda kuhesabu swabu 😂 Jumamosi nachukua, nimekubali.

Flora kwa Mwanaidi, saa 2:10 usiku

Ngoja kwanza. Nimefungua picha ya rosta kwenye simu. Ijumaa tarehe 12 onkoli ni mimi! Natoka kazini saa 9:30 alasiri, nashika simu mpaka Jumamosi saa 1:30, halafu naanza yako hapohapo. Mimi naweza kujikaza, ila Sista hatakubali.

Mwanaidi kwa Flora, saa 2:14 usiku

Na asikubali. Wodi ikileta sizeria mbili usiku wa Ijumaa, Jumamosi mchana utampa daktari mkasi alioomba uzi.

Ijumaa ningeichukua mimi lakini ndiyo siku ya kuchambua mchele na kuchinja, nitakuwa Pangani. Tumuulize kaka Baraka? Yeye ana Jumatano tarehe 17.

Flora kwa Mwanaidi, saa 2:20 usiku

Muulize. Akichukua Ijumaa yangu, nami nachukua Jumatano yake. Siku ya kazi kwa siku ya kazi, hata posho haimpunji mtu.

Mwanaidi kwa Baraka, saa 2:26 usiku

Kaka Baraka, salama? Tuna fumbo la rosta na wewe ndiye kipande kilichobaki. Mimi nina arobaini Jumamosi, dada Flora ananishikia, lakini Ijumaa tarehe 12 usiku ni yake na hawezi kuunganisha mbili. Tunaomba uchukue Ijumaa hiyo, saa 9:30 alasiri mpaka Jumamosi saa 1:30 asubuhi, naye achukue Jumatano yako tarehe 17, saa zilezile. Utakuwepo mjini?

Baraka kwa Mwanaidi, saa 3:05 usiku

Nipo. Sharti moja: Sista asaini kabla ya Ijumaa. Mimi sishiki zamu ya mdomo tena, mnajua kilichonikuta.

(Mwanaidi alikijua. Kaka Baraka aliwahi kubadilishana na mwenzake koridoni, kwa maneno tu. Usiku leba ilipopiga, kila mmoja alidhani simu ni ya mwingine. Daktari na mtu wa usingizi walikaa na mama mezani wakimsubiri mtu wa kufungua seti. Mama na mtoto walitoka salama, lakini barua ya kujieleza aliandika yule ambaye jina lake lilikuwa kwenye rosta.)

Mwanaidi kwa Baraka, saa 3:07 usiku

Naandika kwake sasa hivi, na kesho napeleka karatasi. Mpaka asaini, Jumamosi inabaki yangu na Ijumaa ya Flora.


JUMANNE, SAA 3:20 USIKU: MWANAIDI KWA SISTA INCHAJI WA THIETA

Shikamoo Sista. Samahani kwa kukuandikia usiku.

Naomba ruhusa ya kubadilisha zamu za kuitwa tatu. Sababu ni arobaini ya baba yangu mdogo, Pangani, Jumamosi tarehe 13. Wenzangu nimeshazungumza nao na wamekubali, lakini hakuna kilichobadilika mpaka wewe useme.

Ijumaa tarehe 12, saa 9:30 alasiri hadi Jumamosi saa 1:30 asubuhi: ilikuwa ya Flora, aifanye Baraka.
Jumamosi tarehe 13, saa 1:30 asubuhi hadi Jumapili saa 1:30 asubuhi: ilikuwa yangu, aifanye Flora.
Jumatano tarehe 17, saa 9:30 alasiri hadi Alhamisi saa 1:30 asubuhi: ilikuwa ya Baraka, aifanye Flora.
Jumapili tarehe 21, saa 1:30 asubuhi hadi Jumatatu saa 1:30 asubuhi: ilikuwa ya Flora, niifanye mimi.

Nimeandika tatu, kumbe ni nne. Samahani Sista.

Hakuna mwenye zamu mbili mfululizo. Ijumaa mchana nitafanya kazi kama kawaida na nitakabidhi kabla ya saa 9:30.

Sista Inchaji kwa Mwanaidi, Jumatano saa 12:15 asubuhi

Marahaba mwanangu. Poleni na msiba.

Nimesoma mara mbili. Maswali yangu:
Flora Jumatano usiku, Alhamisi asubuhi yuko kwenye orodha ya upasuaji wa kupangwa. Akiitwa usiku atasimamaje mezani saa 2?
Wewe ukimaliza Jumapili ya tarehe 21, Jumatatu umepangwa asubuhi. Utapumzika lini?
Na Jumamosi simu ya thieta atakuwa nayo nani? Isije ikapelekwa Pangani kula pilau.

Mwanaidi kwa Sista Inchaji, saa 12:32 asubuhi

Sista, hilo la Alhamisi hatukuliona. Nimempigia Flora sasa hivi. Anaomba Alhamisi tarehe 18 awe upande wa kuosha na kufunga seti, mimi nisimame mezani badala yake. Kama hakuitwa usiku, tutabaki kama ulivyopanga.

Jumatatu tarehe 22 naomba niingie zamu ya mchana. Ukiona haifai nitaingia asubuhi.

Simu na funguo namkabidhi Baraka mkononi Ijumaa saa 9:00, yeye atamkabidhi Flora Jumamosi asubuhi pale thieta, siyo nyumbani kwa mtu.

Sista Inchaji kwa Mwanaidi, saa 12:50 asubuhi

Ya Alhamisi nimekubali. Jumatatu hapana, mchana nina watu wa kutosha na asubuhi sina. Utapumzika Jumatatu yote, Jumanne uingie asubuhi. Nitamtafuta mtu mimi.

Leteni karatasi yenye saini zenu watatu. Ujumbe wa simu hauendi kwenye faili.


KARATASI ILIYOPELEKWA OFISINI, JUMATANO TAREHE 10 JUNI 2026

Kwa: Muuguzi Kiongozi, Chumba cha Upasuaji
Yah: Kubadilishana zamu za kuitwa, Juni 2026

Sisi wauguzi watatu tuliosaini hapa chini tumekubaliana kubadilishana zamu kama ifuatavyo. Ijumaa tarehe 12 itafanywa na Baraka badala ya Flora. Jumamosi tarehe 13 itafanywa na Flora badala ya Mwanaidi. Jumatano tarehe 17 itafanywa na Flora badala ya Baraka. Jumapili tarehe 21 itafanywa na Mwanaidi badala ya Flora. Saa za kuanza na kumaliza ni zile za rosta.

Kila mmoja atawajibika kwa zamu aliyoichukua kana kwamba alipangiwa tangu mwanzo, na posho ya siku hiyo itasainiwa na aliyeifanya. Akipata dharura, atamwarifu muuguzi kiongozi moja kwa moja; hatampa zamu mtu wa nne.

Tumesaini: Mwanaidi, Flora, Baraka.

(Chini yake, kwa kalamu nyekundu na mwandiko wa Sista: "Nimeridhia. Rosta ya ukutani irekebishwe leo kwa mstari mmoja juu ya jina la zamani, jina jipya pembeni, na saini yangu. Wino mweupe MARUFUKU. Nakala leba, wodi ya wazazi, maabara na kwa mtu wa usingizi.")


JUMATANO, SAA 10:05 ALASIRI: SISTA INCHAJI KWENYE KUNDI LA THIETA

Wapendwa, onkoli zimebadilika: Ijumaa 12 Baraka, Jumamosi 13 Flora, Jumatano 17 Flora, Jumapili 21 Mwanaidi. Namba ya kupiga ni ileile ya simu ya thieta. Leba, msimpigie Mwanaidi Jumamosi hata kama namba yake ndiyo mmeizoea.


IJUMAA TAREHE 12 JUNI, SAA 9:12 ALASIRI: MWANAIDI KWA BARAKA NA FLORA

Nimeshamkabidhi kaka Baraka simu na funguo, naandika ili na dada Flora ajue anachokikuta.

Seti za sizeria zilikuwa tano kabatini. Nne ni za leo asubuhi, mistari ya utepe imegeuka nyeusi vizuri. Ya tano nimeirudisha upande wa otokleva: nilipoishika kitambaa kilikuwa na unyevunyevu chini. Msiihesabu, hata kama utepe wake umegeuka.

Oksitosini iko friji, kipimajoto kimesoma 5 saa 8:30. Jana umeme ulikatika, kwa hiyo angalieni kisome kati ya 2 na 8 kabla ya kuchukua.

Dawa za kufungiwa tumehesabu pamoja na Baraka: ketamini vichupa 14, pethidini ampuli 9, zimelingana na rejista. Dada Flora, kesho mhesabu tena wawili, msisaini kwa kuamini hesabu yangu.

Sakshen ya umeme inavuta polepole. Fundi amesema Jumatatu. Ile ya mguu iko chini ya meza, nimeijaribu kwa maji.

Simu ya thieta kitufe cha 5 kimezama, bonyezeni kwa ncha ya kalamu. Chaji usiku, betri haifiki asubuhi.

Baraka, saa 9:31 alasiri

Simu ninayo, funguo ninazo. Nenda salama, wape pole wote.


JUMAMOSI TAREHE 13 JUNI, SAA 1:28 ASUBUHI: FLORA KWENYE KUNDI

Nimepokea kutoka kwa Baraka. Kaitwa mara moja, saa 8 usiku, mama na mtoto wa kike wako wodini. Seti zimebaki tatu, ketamini 13, pethidini 9, friji 4. Onkoli kuanzia sasa ni mimi, Flora.

Sista Inchaji, saa 1:30 asubuhi

Nimeona. Asante.

Mwanaidi kwa Flora, saa 1:41 asubuhi

Dada, nimeona. Wali unapikwa, nakuwekea sahani kwenye hotipoti, Jumapili utaikuta kwako. Nyama ya mbuzi au ya ng'ombe?

Flora, saa 1:43 asubuhi

Mbuzi. Leba wanapiga, naenda.