Milo ya wiki moja kutoka kwenye daftari lako

Dada Rehema,

Daftari lako nimelisoma mara mbili, mara ya pili nikiwa na kalamu nyekundu mkononi. Siku 28, na kipandauso kimekushika siku 9. Kabla sijakuandikia cha kula, nikueleze nilichokiona, kwa sababu milo yote imetoka humo.

Ulipokuja ulikuwa umeshaihukumu chokoleti. Daftari halikubaliani nawe. Umekula chokoleti siku 10, na katika siku 6 kati ya hizo kichwa hakikukuuma, si siku hiyo wala kesho yake. Tazama zile 4 zilizobaki. Jumanne ya wiki ya pili umeandika: "Saa 5, miayo haiishi, shingo imekaza. Saa 9 chokoleti nusu pakiti. Saa 12 jicho la kushoto linapwita." Miayo, shingo kukaza na hamu ya vitu vitamu huweza kuja saa kadhaa kabla ya maumivu, hata siku nzima au mbili. Kwa hiyo huenda kipandauso kilikuwa kimeshaanza safari saa 5, na chokoleti uliitamani kwa sababu hiyo hiyo. Kwenye siku 3 kati ya hizo 4 umeandika miayo kabla ya chokoleti.

Sasa angalia nilichozungushia duara. Kuna siku 8 ulizokaa zaidi ya saa 6 za mchana bila kutia kitu tumboni. Siku 6 kati ya hizo ziliishia kwenye maumivu. Katika siku 20 ulizokula kwa wakati, umeumwa siku 3 tu. Hizo 3 nazo zina maelezo yake: mbili ni Jumamosi, ulipolala hadi saa 4 na kunywa kahawa ya kwanza saa 5, wakati siku za kazi unainywa saa 1 na nusu, ya tatu ni siku ya kwanza ya hedhi. Kichwa kilichozoea kafeini hulalamika inapochelewa. Mwezi mmoja hauthibitishi jambo, lakini unatosha kutuambia pa kuanzia.

Kwa hiyo wiki hii tunabadilisha saa. Ile orodha ya vyakula 31 vya kuepuka uliyonitumia iweke kando. Ukiifuata utabaki na wali na maji, utakonda, na njaa yenyewe itakuletea kipandauso.

Saa zenyewe ni hizi, na Jumamosi na Jumapili zimo: saa 1 asubuhi, saa 4, saa 7 mchana, saa 10, saa 1 jioni, na kidogo saa 3 na nusu usiku kabla ya kulala. Weka kengele kwenye simu. Ile ya saa 7 ndiyo muhimu kuliko zote, kwa kuwa milo yako sita iliyoruka ni ya mchana, na pembeni umeandika "kikao".

Jumatatu: mayai mawili, mkate wa ngano isiyokobolewa, ndizi. Mchana wali, maharage na mchicha. Jioni samaki wa kuchoma na viazi.

Jumanne: uji wa shayiri na maziwa, konzi ya karanga. Mchana samaki na viazi vya jana, na karoti mbichi. Jioni kuku na mboga za majani, na wali.

Jumatano ndiyo siku yako ya kikao kirefu, basi usitegemee mapumziko. Asubuhi kula mayai, mkate na parachichi, mlo unaokaa tumboni. Mchana beba mkate uliojazwa kuku, uliofungwa tayari kwa kuliwa kwa mkono mmoja. Kikao kikipita saa 7, kula humo humo. Watakuangalia dakika mbili, kisha watasahau. Jioni supu ya dengu na mkate.

Alhamisi: uji tena. Mchana supu ya dengu iliyobaki, na yai la kuchemsha. Jioni tambi na nyanya, nyama ya kusaga kidogo.

Ijumaa: mtindi, ndizi na mbegu za maboga. Mchana tambi za jana. Jioni chochote upendacho mezani na wenzako, ila pombe iache wiki hii, hasa divai nyekundu.

Jumamosi: amka saa 1, kula mkate na yai, kunywa kahawa yako saa 1 na nusu, kisha rudi kulala kidogo ukitaka. Najua utanichukia. Mchana wali na samaki, jioni viazi, maharage na kabichi.

Jumapili: saa zile zile. Mchana kuku wa kuoka na mboga. Pika na sufuria kubwa ya maharage, gawa vikopo vitatu, gandisha viwili.

Vya saa 4 na saa 10 viwe vidogo: tunda na karanga, mtindi, au mkate na siagi ya karanga. Chokoleti ukiitaka, uile baada ya mlo, si badala ya mlo, na andika kama ulikuwa na miayo kabla yake. Weka chupa ya maji mezani, siyo kwenye mkoba. Humo inarudi nyumbani imejaa.

Kahawa baki na vikombe vyako vinne, ila cha mwisho kisipite saa 8 mchana. Ni vingi, na tutavipunguza, kikombe kimoja kwa wiki, kuanzia wiki ijayo. Ukivikata ghafla, siku ya pili kichwa kitakuuma na hatutajua nani mkosaji.

Soseji sijaziweka. Umezila mara 3 na kuumwa mara 2, lakini zote ulizila saa 10 alasiri baada ya kushinda na njaa, kwa hiyo siwezi kutenganisha. Tutazirudisha siku moja saa zikishatulia, uzile saa 7 kamili, tuone.

Kipandauso kikija licha ya haya, usilazimishe sahani. Mkate mkavu, supu nyepesi, maji kidogo kidogo. Dawa meza mapema kama daktari alivyokuelekeza.

Na hapo pana jambo la kumpelekea daktari wiki hii hii. Umemeza vidonge siku 11 kati ya 28, na jina uliloandika ni la vidonge mchanganyiko vyenye kafeini ndani. Dawa za aina hiyo zikitumika siku 10 au zaidi kwa mwezi, kwa miezi kadhaa, zenyewe huweza kuanza kuleta maumivu ya kichwa. Usiziache wala kuzibadilisha mwenyewe; mpe daftari alisome. Na maumivu yakikupiga ghafla kuliko yote uliyowahi kuyapata, au yakija na udhaifu wa upande mmoja, kushindwa kusema, au homa na shingo ngumu, nenda hospitali saa hiyo hiyo.

Katika daftari ongeza safu mbili: saa ya dalili ya kwanza, hata kama ni miayo tu, na saa ngapi zimepita tangu ulipokula. Siku isiyo na maumivu iandike vile vile. Wiki ya tatu uliziruka siku nzuri hadi usiku, ukazijaza kwa kukumbuka. Wino ni ule ule mstari hadi mstari, nimeona.

Tuonane Jumatatu ijayo saa 5. Saa 4 uwe umeshakula.

Mshauri wako wa lishe