Mkataba wa Kupangisha Fleti kwa Makaazi ya Wafanyakazi, Mbweni, Unguja

Mkataba huu umefungwa leo Alkhamisi, tarehe 12 Februari 2026, baina ya Bibi Zuwena Haji Makame, mkaazi wa Mbweni na mmiliki wa nyumba inayotajwa hapa chini, ambaye ndani ya mkataba huu anaitwa "Mwenye Nyumba", na Kampuni ya Majokofu ya Kusi, yenye ofisi yake Amani na inayofanya kazi ya kufunga na kutengeneza viyoyozi na majokofu ya mahoteli, ambayo inaitwa "Kampuni" na inawakilishwa na Meneja wake, Bwana Suleiman Khatib Faki.

1. Fleti na matumizi yake

Mwenye Nyumba anaipangisha Kampuni fleti nzima ya ghorofa ya pili, ambayo ndiyo ya juu kabisa, katika nyumba yake iliyopo Mbweni, Wilaya ya Magharibi B, Mkoa wa Mjini Magharibi. Fleti ina vyumba vitatu vya kulala, ukumbi, jiko, vyoo viwili na roshani inayoelekea baharini. Mwenye Nyumba mwenyewe anaishi chini, na ngazi, uwanja na lango ni vya pamoja.

Fleti itatumika kwa makaazi ya wafanyakazi wa Kampuni tu, wasiozidi sita kwa wakati mmoja, yaani wawili kwa kila chumba. Haitakuwa ofisi, ghala la mitungi ya gesi ya majokofu wala karakana, na mashine za wateja hazitapandishwa juu hata kwa usiku mmoja. Sharti hili limeombwa na Mwenye Nyumba, na Kampuni imelikubali bila ya kulijadili.

Mpangaji ni Kampuni, si mfanyakazi anayelala humo. Mfanyakazi anakaa kwa sababu ya ajira yake, na ajira ikimalizika Kampuni ina wajibu wa kumtoa ndani ya siku 7, bila ya Mwenye Nyumba kuingizwa katika mgogoro baina yao. Kampuni itampa Mwenye Nyumba orodha ya wakaazi pamoja na nakala za vitambulisho vyao kabla hawajahamia, itampelekea Sheha wa shehia orodha hiyo hiyo, na itazirekebisha zote mbili kila anapoondoka mmoja na kuingia mwengine. Kampuni haitampangisha mtu mwengine fleti hii, kwa usiku wala kwa mwezi.

2. Muda

Upangaji ni wa miezi 24, kuanzia tarehe 1 Machi 2026 hadi tarehe 29 Februari 2028. Upande unaotaka kuendelea baada ya hapo utaandika barua kabla ya tarehe 1 Disemba 2027, na mkataba mpya utaandikwa. Kuendelea kukaa kimya kimya hakutahesabiwa kuwa mkataba.

3. Kodi ya pango na ratiba ya malipo

Kodi ya pango ni shilingi 900,000 kwa mwezi katika mwaka wa kwanza, na shilingi 945,000 kwa mwezi kuanzia tarehe 1 Machi 2027, ikiwa ni nyongeza ya asilimia 5 ambayo haitabadilishwa kwa sababu yoyote kabla ya mkataba kwisha. Malipo yote ni kwa shilingi za Tanzania.

Kodi italipwa kwa miezi mitatu mitatu, na mapema. Mwaka wa kwanza kila awamu ni shilingi 2,700,000, nazo zitalipwa tarehe 1 Machi, 1 Juni, 1 Septemba na 1 Disemba 2026. Mwaka wa pili kila awamu ni shilingi 2,835,000, kwa tarehe hizo hizo za mwaka 2027, ambapo awamu ya Disemba inafikia mwisho wa mkataba. Jumla ya kodi ya miaka miwili ni shilingi 22,140,000.

Kampuni itazuia asilimia 10 ya kila awamu ikiwa ni kodi ya zuio, kwa kiwango kinachotumika siku ya kutia saini, na kuiwasilisha kwa mamlaka ya mapato inayohusika. Kwa hivyo Mwenye Nyumba atapokea mkononi shilingi 2,430,000 kwa kila awamu ya mwaka wa kwanza na shilingi 2,551,500 kwa kila awamu ya mwaka wa pili, na hatodai pungufu hilo, ilimradi Kampuni imempa hati ya zuio ndani ya siku 30 tangu kulipa. Awamu ambayo hati yake haikuletwa itahesabiwa kuwa haijalipwa kamili. Ushuru wa stempu wa mkataba huu utalipwa na Kampuni.

Malipo yatapitia akaunti ya Mwenye Nyumba iliyopo PBZ, ambayo nambari yake imo katika barua aliyoitia saini na kuikabidhi kwa Kampuni leo. Hakuna mtoto, ndugu wala jirani atakayepokea kodi kwa niaba yake, hata akija na ujumbe wake.

Mwenye Nyumba hatozi riba wala faini kwa kuchelewa, kwani hataki fedha ya namna hiyo iingie nyumbani kwake. Badala yake, Kampuni ikichelewa zaidi ya siku 14 kwa mara mbili katika mwaka mmoja, Mwenye Nyumba atakuwa na haki ya kuvunja mkataba kwa notisi ya mwezi mmoja.

4. Amana

Siku ya kukabidhiwa funguo Kampuni italipa amana ya shilingi 1,800,000, ambayo haikatwi kodi ya zuio, haiongezeki kodi inapopanda, na haiwezi kugeuzwa kuwa kodi ya miezi ya mwisho. Itarudishwa ndani ya siku 21 baada ya fleti kukabidhiwa, ikipunguzwa gharama za uharibifu zenye risiti tu.

5. Matengenezo

Mwenye Nyumba atatengeneza kwa gharama zake kila kinachohusu jengo lenyewe: sakafu ya juu na mapaa, kuta, nyaya za umeme zilizomo ukutani, mabomba yaliyofukiwa, tangi la lita 5,000, pampu ya maji na karo. Kampuni itatengeneza kwa gharama zake vile vinavyochakaa kwa kutumiwa kila siku, kama vile taa, mifereji, vitasa, nyavu za madirisha na mifuniko ya vyoo, pamoja na chochote kilichovunjwa na wakaazi au wageni wao. Rangi iliyofifia na chumvi ya bahari iliyokula chuma cha roshani si uharibifu wa mpangaji.

Siku ya tarehe 9 Februari pande mbili ziliona kwa macho alama ya maji kwenye dari ya chumba cha mashariki, upana wake kama sinia, yenye ukingo wa rangi ya chai. Alama hiyo inatokana na ufa wa sakafu ya juu karibu na mdomo wa mfereji wa maji ya mvua. Mwenye Nyumba ataziba ufa huo na kupaka dawa ya kuzuia maji kabla ya tarehe 15 Machi 2026, maana masika hayamsubiri fundi. Ikiwa mvua itapenya baada ya tarehe hiyo, chumba hicho hakitalipiwa mpaka kikauke, na kodi itapungua kwa shilingi 10,000 kwa kila siku, zitakazokatwa katika awamu inayofuata.

Pampu iliyopo iliwahi kuungua kwa sababu iliachwa ikizunguka wakati maji ya ZAWA hayaji na tangi la chini limekauka. Mwenye Nyumba ameshafunga swichi ya kuelea inayoizima maji yakipungua, na mkaazi yeyote haruhusiwi kuiondoa au kuipitisha pembeni. Pampu ikiungua huku swichi hiyo imechezewa, Kampuni itanunua mpya. Ikiungua kwa uchakavu, atanunua Mwenye Nyumba.

Viyoyozi vitatu, kimoja kwa kila chumba, vimewekewa masharti ya peke yake kwa sababu mpangaji ni fundi wa kazi hiyo. Kampuni itavisafisha na kuvikagua kila baada ya miezi mitatu bila ya malipo, na haitadai ufundi kwa tengenezo lolote. Mwenye Nyumba atanunua vipuri ambavyo uzee ndio uliovimaliza, baada ya kuoneshwa kipuri kibovu chenyewe, si picha yake.

Hitilafu itaarifiwa kwa ujumbe wa simu wenye tarehe. Maji kukosekana kwa sababu ya pampu, umeme kukatika kwa sababu ya nyaya za nyumba, au karo kufurika ni dharura, na Mwenye Nyumba ataleta fundi ndani ya saa 24. Mengine yatatengenezwa ndani ya siku 10. Muda ukipita, Kampuni inaweza kutengeneza na kukata gharama katika kodi kwa risiti, lakini isizidi shilingi 400,000 kwa tengenezo moja bila ya idhini yake ya maandishi. Karo litanyonywa mara moja kwa mwaka kwa gharama za nusu kwa nusu.

Mwenye Nyumba au fundi wake ataingia fletini kwa taarifa ya siku moja kabla, na mkaazi mmoja awepo, isipokuwa kwa dharura.

6. Umeme, maji na ujirani

Fleti ina mita yake ya Tukuza, na Kampuni itajinunulia umeme. Pampu inatumia mita ya chini, kwa hivyo Kampuni itamlipa Mwenye Nyumba shilingi 25,000 kila mwezi kwa ajili yake, pamoja na nusu ya bili ya ZAWA.

Wakaazi hawataingiza ulevi ndani ya nyumba, watapunguza sauti baada ya saa nne za usiku, na hawataegesha gari mbele ya lango. Malalamiko kuhusu mkaazi atafikishiwa Meneja, naye atajibu ndani ya siku mbili; Mwenye Nyumba hatajibizana na vijana ngazini.

7. Kuvunja mkataba

Baada ya miezi 6 ya mwanzo, Kampuni inaweza kuondoka kwa notisi ya miezi mitatu, na kodi iliyolipwa kwa siku zisizokaliwa itarudishwa pamoja na amana. Mwenye Nyumba hawezi kuvunja mkataba ili apate mpangaji wa bei kubwa au kwa sababu jamaa yake anahitaji fleti. Nyumba ikiuzwa, mnunuzi atachukua nafasi yake pamoja na mkataba huu. Na ikitokea amefariki, warithi wake watafungwa nao mpaka muda umalizike, na Kampuni itaendelea kulipa katika akaunti watakayoiainisha wote kwa maandishi.

8. Migogoro

Pande mbili zitakutana kwanza ndani ya siku 7, na zikishindwa zitamuomba Sheha awasuluhishe bila ya neno lake kuwa hukumu. Baada ya hapo shauri litapelekwa katika Mahkama yenye mamlaka Zanzibar. Mkataba huu umeandikwa kwa Kiswahili, nakala tatu zenye nguvu sawa, na mabadiliko yoyote yatakuwa kwa maandishi yenye saini mbili.

Umetiwa saini Mbweni, Unguja, tarehe 12 Februari 2026.

Zuwena Haji Makame, Mwenye Nyumba. Shahidi wake, Haji Ame Vuai, mwanawe.

Suleiman Khatib Faki, Meneja, kwa niaba ya Kampuni ya Majokofu ya Kusi. Shahidi wake, Asha Omar Bakari, mhasibu wa Kampuni.

Kiambatisho: hali ya fleti siku ya ukaguzi, tarehe 9 Februari 2026. Funguo za mlango mkubwa 4, za lango 2. Vitanda 6 vya mbao bila ya magodoro. Kioo kimoja cha dirisha la jiko kina ufa wa pembeni. Mfereji wa choo cha ndani unadondosha, na Mwenye Nyumba atabadilisha mpira wake kabla ya tarehe 1 Machi. Kiyoyozi cha chumba cha kaskazini kinapoza lakini kinatoa mlio kinapowaka. Mafundi wa Kampuni wamekisikiliza na kukubali kukipokea kama kilivyo.