TANGAZO KWA WATEJA: KIWANGO CHA KUTOA PESA, JUMATANO 13 HADI JUMATATU 18 NOVEMBA 2024

Ndugu wateja wangu wa Kitangari na vijiji vya jirani, habari za kazi.

Tangazo nililobandika jana, lenye maneno "FLOTI HAKUNA, KUTOA MWISHO LAKI", nimelibandua. Nililiandika kwa haraka, likawasumbua watu. Mama mmoja alikuja kwa miguu asubuhi kutoa 20,000 ya dawa, akasoma "hakuna" mlangoni, akageuza bila kuniuliza. Pesa yake ilikuwepo droo ya juu. Namwomba radhi yeye na wote waliorudi bure. Hali yenyewe ni hii.

Msimu wa korosho umechanganya. Malipo ya wakulima yameanza kuingia benki, wengi wanayahamishia kwenye simu, kisha wote tunataka noti wiki hiihii. Kila mnapotoa, mimi napokea floti kwenye laini yangu na kuwapa taslimu. Kwa hiyo floti ya M-Pesa ninayo nyingi sana. Kilichopungua ni noti. Kwa Airtel Money mambo ni kinyume: wafanyabiashara wengi wanaweka, floti inakwisha kabla ya saa sita mchana. Anayetaka kuweka Airtel Money aje asubuhi, au aulize kwanza.

Kuanzia leo hadi Jumatatu tarehe 18, kila mteja atatoa hadi shilingi 100,000 kwa siku, mtandao wowote. Mwenye mgonjwa au msiba aniambie tu, nitampa hadi 200,000, na sitamdai barua ya mtu yeyote. Noti nilizobakiwa nazo nyingi ni za elfu kumi, hivyo ukitoa 30,000 au 50,000 utahudumiwa haraka kuliko ukitoa 37,000.

Tafadhali sana: USIBONYEZE KUTOA KABLA HUJANIULIZA. Ukishaingiza namba ya wakala, kiasi na namba ya siri, pesa imeshatoka kwako na makato yamekatwa. Nikiwa sina noti, nitalazimika kukuwekea upya kwenye simu, na makato yale hayatarudi. Nilishuhudia hilo jana kwa kijana mmoja wa bodaboda na liliniuma. Fika dirishani, taja kiasi, nikuhesabie noti uzione, ndipo ubonyeze.

Tena, kama unahitaji laki tatu na huna haraka, usizikate laki moja moja kwa siku tatu. Makato ya kutoa mara tatu huzidi ya kutoa mara moja. Kamisheni yangu ingeongezeka, lakini ni jasho lako la shambani. Subiri Jumanne tarehe 19 utoe zote kwa pamoja. Aliye na shida ya leo na anakwenda Newala mjini kwa shughuli zake, atoe hukohuko.

Na si lazima kila kitu kilipwe kwa noti. Maduka mengi ya senta yana Lipa Namba. Unga, mafuta na sabuni unaweza kuvilipia hapohapo dukani kwa simu. Muulize mwenye duka kabla ya kuja kupanga foleni kwangu.

Kuna wazee wameniuliza kama pesa zao zimepotea. Hapana, wazee wangu. Salio lenu halikai kwenye droo yangu, liko kwenye laini zenu, nanyi mnaweza kulitazama wakati wowote. Wa M-Pesa piga *150*00#, wa Airtel Money *150*60#. Mkishindwa, njooni na mjukuu mnayemwamini; namba ya siri msinitajie hata mimi.

Asije mtu akawaambia kwamba ukimpa "ya soda" utapewa zaidi ya kiwango. Hapa hulipi chochote zaidi ya makato yanayokatwa na mtandao, wala hakuna kijana niliyemtuma kupokea pesa nje ya dirisha hili. Anayeweka pesa asiniachie noti mezani akaondoka kwa sababu floti haijafika. Kaa na pesa yako mkononi. Nikikuwekea, subiri ujumbe uingie, soma jina na kiasi, ndipo uondoke.

Ijumaa asubuhi nitakwenda benki Newala kufuata noti, kwa hiyo dirisha litafunguliwa saa nane mchana. Siku nyingine ni saa mbili asubuhi hadi saa kumi na mbili jioni kama kawaida. Kila asubuhi nitaandika kwa chaki kwenye ubao wa mlangoni kiasi cha juu cha kutoa siku hiyo na mtandao usio na floti. Noti zikifika mapema, kiwango kitapanda siku hiyohiyo.

Wakala wenu,
Kibanda cha bluu, kando ya kijiwe cha bodaboda, Kitangari