Yah: Mkataba wa Matengenezo ya Jenereta Unaomalizika 30 Juni 2026 na Masharti ya Kuuhuisha

Karakana ya Jenereta, Unga Limited, Arusha
14 Mei 2026

Kwa: Meneja Mkuu wa Hoteli, Njiro
Nakala: Mhasibu Mkuu, Fundi Mkuu

Ndugu Meneja Mkuu,

Tunawakumbusha kwa heshima kuwa mkataba wa kutunza jenereta zenu mbili, ya kVA 200 na ya kVA 60, unamalizika tarehe 30 Juni 2026. Haujihuishi wenyewe, na ndiyo sababu tunawaandikia mapema.

Tarehe hiyo imekaa mahali pabaya. Kwa usomaji wa 4 Mei, jenereta kubwa imefanya kazi saa 610 tangu Julai mwaka jana, yaani kama saa 61 kwa mwezi. Oili na filta zake hubadilishwa kila saa 250, hivyo sevisi ya saa 750 itaangukia katikati ya Julai, mkataba ukiwa umekwisha na hoteli ikiwa imejaa wageni. Bila mkataba, kila wito hutozwa Sh 180,000, vipuri na oili mbali, na fundi huja baada ya wateja wenye mkataba kuhudumiwa.

Jambo linalotusumbua zaidi ni moshi. Jenereta ya kVA 200 inaweza kubeba takribani kW 160, lakini usiku hoteli nzima, vyumba vya baridi vikiwemo, inatumia kW 30 hivi. Hiyo haifiki hata asilimia 20. Injini ya dizeli ikiendeshwa muda mrefu chini ya asilimia 30 haipati joto la kutosha. Mafuta hayaungui yote, masizi yanaganda kwenye nozeli na turbo, na majimaji meusi yanachuruzika kwenye maungio ya ekzosi. Fundi Mkuu wenu ameshayaona. Kubadilisha oili peke yake hakuondoi tatizo hili.

Tunashauri kuanzia saa 4 usiku mzigo uhamie kwenye jenereta ndogo, ambayo kwa sasa inalisha jiko na pampu tu. Kwa kW 30 itafanya kazi kwa asilimia 60 hivi, kiwango kizuri kwa injini. Itahitajika swichi ya mkono ya ampea 100 yenye kufuli ya kuzuia jenereta mbili zisikutane kwenye laini moja. Gharama yake ni Sh 1,450,000 kabla ya VAT, mara moja tu, ufungaji ukiwemo. Sharti lake ni kwamba mzigo usizidi kW 40, kwa kuwa Arusha iko kama mita 1,400 juu ya usawa wa bahari na hewa nyepesi hupunguza nguvu ya injini. Pampu ziwashwe moja baada ya nyingine, kamwe zisiwashwe zote kwa pamoja.

Katika mkataba mpya, sevisi itafuata mita ya saa: kila saa 250 au miezi 12, lolote litakalotangulia. Ukaguzi wa kila miezi mitatu unabaki, pamoja na kumwaga maji kwenye kitenganishi cha dizeli, kupima kulanti na mkanda wa feni, na kupuliza rejeta. Filta ya hewa itakaguliwa kila mwezi kuanzia Julai hadi Oktoba kwa ajili ya vumbi. Tumeongeza jaribio moja la mzigo kwa mwaka: dakika 30 kwa asilimia 50, kisha saa moja kwa asilimia 75. Dharura tutafika ndani ya saa nne, usiku na sikukuu pia. Betri hazimo kwenye ada. Jozi ya jenereta kubwa imetimiza miaka mitatu, na tunawasihi mzibadilishe kabla ya Julai. Betri chovu ndizo hukataza jenereta kuwaka mara nyingi kuliko ubovu wa injini.

Ada ya sasa ni Sh 7,200,000. Kwa mwaka mmoja tunapendekeza Sh 7,740,000, na VAT ya asilimia 18 inafanya Sh 9,133,200, sawa na Sh 2,283,300 kila robo mwaka. Mkisaini miaka miwili, ada ni Sh 7,400,000 kwa mwaka bila kupanda katikati. Pamoja na VAT ni Sh 8,732,000, au Sh 2,183,000 kwa robo. Kwa hoteli yenye matumizi kama yenu, tungechagua miaka miwili. Malipo ni ndani ya siku 14 baada ya ankara, na risiti ya EFD itatolewa. Kodi ya zuio ya asilimia 5 ikatwe kwenye kiasi kisicho na VAT, nasi tupatiwe hati yake.

Bei hizi zinasimama hadi Ijumaa, 12 Juni 2026. Tukipata saini zenu kufikia siku hiyo, filta na oili za saa 750 zitakuwa stoo kabla ya Julai. Fundi wetu yuko tayari kuja Njiro kukagua sehemu ya kufunga swichi pamoja na Fundi Mkuu, bila malipo, siku yoyote ya kazi mtakayochagua.

Wenu katika kazi,

Meneja wa Mikataba