Mistari ya Jumapili

"Inamisha kichwa."

Riziki akainamisha mpaka kidevu kikagusa kifua. Alikuwa ameketi kwenye mkeka, mabega yake yamebanwa katikati ya magoti ya mama. Kopo la vaselini lilikuwa wazi pembeni, na chanuo lilikuwa limechomekwa kwenye upande wa nywele ambao haujaguswa.

Mama Riziki hakuwa mtu wa kusuka haraka. Aligawa njia kwa ncha ya chanuo, akaipaka mafuta kwa kidole, akashika nywele tatu tatu tangu kwenye paji la uso na kuzivuta kwenda kisogoni, kila mara akiongeza kidogo kutoka chini. Mstari ukipinda hata kidogo, aliufumua. Huko Rutshuru, Kongo, wanawake walikuwa wakimletea mabinti zao usiku wa kuamkia ufunguzi wa shule, na hakuna aliyerudi kulalamika. Tangu wavuke mpaka wa Bunagana, walale kwenye kituo cha wakimbizi cha Nyakabande na kupanda basi la Kampala, mikono hiyo ilikuwa imebeba vitenge vya watu tu, mtaa kwa mtaa.

"Gudi moningi, ticha," Riziki alisema, akiwa bado ameinama.

"Tena."

"Gudi moningi, ticha. Mama, watoto wa Pi tatu ni wadogo. Mimi nilimaliza mwaka wa nne."

"Ulimaliza kwa Kifaransa. Tulia."

"Nitakaa nyuma kama mlingoti."

"Wewe kaa popote, mradi usikie."

Sare ilining'inia msumarini. Chini yake kulikuwa na vitu vya shule: fagio mbili, rimu ya karatasi, karatasi za chooni, madaftari. Orodha yenyewe ilikuwa ya Kiingereza. Kijana wa duka la vifaa vya shule ndiye aliyemsomea, na aliisoma vizuri kabisa mistari yote ya bidhaa alizokuwa nazo rafuni.

Mama Aline alibisha hodi kuja kuazima sigiri. Yeye alikuwa na miaka mingi Nsambya, Kiganda chake kikimtoka kama mtu wa hapo. Alisimama mlangoni, akamtazama mtoto, kisha mama.

"Mama Riziki, huyu si anaanza kesho?"

"Anaanza."

"Na unamsuka?"

"Sasa aende hivi hivi, kama hana mama?"

Mama Aline akaomba ile karatasi. Akaisoma hadi chini, mahali kijana wa duka hakufika. "Hapa wananyoa, dada. Wasichana kwa wavulana. Akifika getini na mistari, watamrudisha. Aline wangu alilia siku mbili, kisha akazoea."

Vidole vya Mama Riziki vilibaki vimeshika mstari wa sita. Upande wa kushoto ulikuwa umekwisha, unang'aa. Wa kulia ulisimama kama kichaka. Alitaka kusema kitu kuhusu nchi ambayo inamnyoa mtoto wa kike, lakini nchi hiyo hiyo ndiyo iliyokuwa imempa mahali pa kutandika mkeka, akanyamaza.

"Basi nifumue," alisema.

"Malizia," Riziki akasema.

"Hujasikia?"

"Nimesikia. Malizia kwanza, halafu Mama Aline anipige picha, tumtumie Nyanya. Asione kipara kabla hajaona hii."

Mama Aline akasahau sigiri, akaketi kwenye ndoo. Mistari iliyobaki Mama Riziki aliisuka nyembamba kuliko ile ya kwanza, mibovu akiifumua kama kawaida, ingawa sasa haikuwa na maana yoyote. Giza liliingia. Mama Aline aliwamulikia kwa simu huku akimfundisha Riziki namna ya kumjibu mwalimu anapouliza jina. Picha zikapigwa: ya mbele, ya upande, ya kisogo. Riziki alikataa kutabasamu katika ya kwanza, akakubali katika nyingine.

Kisha mama akachukua mkasi. Alikata mstari mmoja mmoja karibu na ngozi, akazitia nywele kwenye makaa, maana nywele za mtoto haziachwi ovyo. Chumba kikanuka vibaya, wote wakatoka nje wakikohoa.

Kinyozi wa kona alikuwa bado amefungua. Alikitazama kile kichwa kilichobaki mashimo mashimo, akaguna, akataja shilingi elfu mbili.

"Elfu mbili za nini?" Mama Riziki akauliza. "Kazi nzito nimeshaifanya nyumbani. Ssebo, salako."

Neno hilo la kuomba kupunguziwa bei alikuwa amelisikia kwa wateja wake wa vitenge kila siku, akilichukia. Kinyozi akacheka, akasema elfu moja na mia tano. Mama Riziki akasema elfu moja. Riziki, aliyekwisha kukalia kiti na kufungwa shuka shingoni, akageuka.

"Mama, lipa tu. Bado sijapiga pasi sare."

"Nyamaza. Elfu moja."

Kinyozi akawasha mashine.