Bajeti ya Mfuko wa Masomo wa Ukoo, Mwaka 2026, na Makadirio hadi 2043

Kwa wajumbe wa mkutano mkuu wa ukoo, Marangu, Desemba 2025

Ndugu wajumbe, wazee wetu, kina baba, kina mama na kina shangazi,

Mwaka 2026 naomba tusomeshe watoto 18 kwa shilingi 7,550,000. Maombi yaliyofika mezani ni mengi kuliko hapo, na fedha ya kuwachukua wengine watano ipo. Sababu za kutowachukua ziko kwenye jedwali la pili, na naomba lisomwe kabla ya mtu kukasirika.

Tulicho nacho

Kiwanja cha babu cha Moshi mjini tulikiuza tukapata milioni 50. Kihamba hakikuguswa na hakitaguswa. Fedha yote ya kiwanja ilinunua hatifungani ya serikali ya miaka 20 mwaka 2023, yenye riba ya asilimia 12.10, yaani shilingi 6,050,000 kila mwaka, zinazoingia nusu Machi na nusu Septemba. Riba iliyobaki baada ya kuwalipia watoto wa miaka miwili iliyopita, pamoja na michango yenu, imefika milioni 10 na ipo UTT AMIS kwenye Mfuko wa Ukwasi. Huko nimekadiria faida ya asilimia 9, sawa na 900,000.

Michango ni 10,000 kwa mwezi. Kwenye daftari tuko 42. Bajeti imehesabu 30, wale wanaolipa bila kupigiwa simu: 3,600,000 kwa mwaka. Wengine 12 wakilipa itakuwa nyongeza, lakini siwezi kumwandikia mtoto barua ya udhamini kwa fedha ya ahadi.

Jumla ya mapato ya 2026: 10,550,000.

Wanafunzi na gharama kwa kila ngazi (shilingi)

| Ngazi | Wanafunzi | Kwa mmoja | Jumla |
|---|---|---|---|
| Kidato cha 1–4, shule za serikali | 8 | 260,000 | 2,080,000 |
| Kidato cha 5–6, bweni | 4 | 480,000 | 1,920,000 |
| VETA, bweni | 3 | 450,000 | 1,350,000 |
| Chuo cha kati, stashahada | 1 | 1,200,000 | 1,200,000 |
| Chuo kikuu, wenye mkopo | 2 | 500,000 | 1,000,000 |
| Jumla ya masomo | 18 | | 7,550,000 |
| Dharura | | | 300,000 |
| Uendeshaji (benki, nauli, nakala) | | | 200,000 |
| Jumla kuu | | | 8,050,000 |

Najua swali litakaloulizwa: ada si ilifutwa? Ilifutwa kweli, hadi kidato cha nne tangu 2016, na kidato cha tano na sita tangu mwaka wa fedha 2022/23. Kinachomrudisha mtoto nyumbani siku hizi ni karatasi ya maelekezo ya kujiunga na shule. Huyu wa kidato cha tano aliyepangiwa shule ya mkoa mwingine hesabu yake ni hii: tranka, godoro na shuka 110,000, sare na viatu 90,000, michango ya shule 80,000, madaftari, vitabu na sabuni 60,000, nauli za kwenda na kurudi kwa mihula miwili 140,000. Ndiyo hiyo 480,000. Akiingia kidato cha sita hanunui tena godoro wala tranka, kwa hiyo 110,000 zake zitahamia kwenye dharura.

VETA ada yenyewe ni 120,000 kwa wa bweni. Zinazobaki ni za vifaa vya fani, ovaroli, viatu vya usalama, chakula cha ziada na nauli. Binafsi naona hapa ndipo fedha yetu inapofanya kazi kubwa kuliko kwingine kote, kwa sababu fundi umeme akimaliza anaanza kulipa mchango mapema. Mwaka huu walioomba VETA ni watatu tu, na wote tumewachukua.

Wa chuo kikuu wote wawili wana mkopo wa Bodi ya Mikopo. Tunawasaidia malazi na zile wiki za mwanzo kabla bumu halijaingia. Yule wa stashahada hakupata mkopo, ndiyo maana gharama yake iko juu peke yake.

Maombi mawili ya shule binafsi za bweni yamekataliwa. Ada ya milioni mbili na nusu kwa mtoto mmoja ingewaacha nje watoto tisa wa sekondari za serikali. Mzazi anayetaka shule hizo ana haki yake, ila alipie mwenyewe.

Fedha zitatoka lini

Januari zinahitajika 3,430,000 kwa kidato cha 1–4 na VETA, wakati riba ya hatifungani haijaingia hadi Machi. Zitatoka Ukwasi. Julai ni 1,920,000 za kidato cha tano na sita, Oktoba 2,200,000 za vyuo. Malipo yanakwenda shuleni, chuoni au dukani kwa risiti. Hakuna fedha taslimu kwa mzazi isipokuwa nauli.

Mfuko utadumu vipi

Ziada ya mwaka huu ni 2,500,000, na hiyo ndiyo ingewasomesha wale watano. Tatizo ni kwamba hatifungani italipa 6,050,000 zile zile mwaka 2042 kama inavyolipa leo, huku bei ya sare na nauli ikipanda. Nimechukua wanafunzi 18 bila kuongeza hata mmoja, gharama zikipanda asilimia 5 kila mwaka. Safu mbili za mwisho zinaonyesha salio la Ukwasi mwishoni mwa mwaka, kwa maelfu ya shilingi.

| Mwaka | Matumizi | Mchango ukibaki 10,000 | Mchango ukipanda 5% kwa mwaka |
|---|---|---|---|
| 2026 | 8,050 | 12,500 | 12,500 |
| 2030 | 9,785 | 20,342 | 22,408 |
| 2033 | 11,327 | 22,685 | 29,342 |
| 2036 | 13,113 | 20,156 | 35,247 |
| 2040 | 15,938 | 5,092 | 40,113 |
| 2041 | 16,735 | umekwisha | 40,522 |

Kwa safu ya kwanza ya salio, mambo yanaonekana mazuri hadi 2033. Mwaka 2034 matumizi yanazidi mapato kwa mara ya kwanza, kwa laki mbili hivi, na hakuna atakayeshtuka. Miaka saba baadaye Ukwasi umekauka, na mtu atasimama kwenye mkutano huu kupendekeza tuuze hatifungani kabla haijaiva. Ndipo mtaji wa babu utakapoanza kuliwa.

Safu ya pili inahitaji shilingi 500 zaidi kwa mwezi kutoka kwa kila mmoja mwaka 2027, kisha asilimia 5 kila mwaka. Hapo mwaka 2043 hatifungani ikiiva tutakuwa na milioni 50 kamili, na Ukwasi takribani milioni 40, za kununulia hatifungani nyingine kubwa zaidi.

Ninayoomba mkutano uamue

1. Kupitisha matumizi ya 8,050,000 na wanafunzi 18 kwa mwaka 2026.
2. Mchango uwe 10,500 kwa mwezi kuanzia Januari 2027 na upande asilimia 5 kila mwaka.
3. Milioni 50 za hatifungani zisiuzwe wala kuwekwa rehani bila theluthi mbili ya wajumbe kukubali.
4. Idadi ya wanafunzi isizidi 18 hadi bajeti ya 2029. Mmoja akimaliza, anayefuata kwenye orodha anaingia.
5. Wale 12 wa kwenye daftari wapewe hadi Machi 2026 kulipa au majina yao yatolewe. Watoto wao hawatafutwa kwenye orodha ya maombi.

Mweka Hazina wa Mfuko